Ukimya Katika Kikao: Jedwali la Tamaduni na Timu Yetu ya Korosho Mtwara

Kwa misimu kadhaa nimeratibu ukaguzi wa ubora wa korosho ghafi hapa Mtwara, katika timu ambayo watu wake wametawanyika katika nchi nne. Wakaguzi wetu hufanya kazi katika maghala ya Mtwara, Newala na Tandahimba. Mwenzetu mmoja yuko Nacala, Msumbiji, na wengine wawili wako Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, ambako korosho zetu hubanguliwa. Mkuu wetu na msaidizi wake wako Rotterdam, Uholanzi. Msimu ukianza tunakutana kila wiki kwa njia ya video, kwa Kiingereza, saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa, ambayo huko Rotterdam ni saa tisa alasiri na Kollam ni saa moja na nusu usiku. Yale ninayotaka kueleza yalitokana na vikao hivyo, hasa na namna ukimya wa watu wa upande wetu ulivyopewa tafsiri, na namna tafsiri hiyo ilivyokaribia kutuzuia kuona tatizo lenyewe.

Kabla ya msimu mmoja kuanza, ofisi ya Rotterdam iliandaa mafunzo kuhusu kufanya kazi na watu wa tamaduni mbalimbali. Mkufunzi alitumia vipimo vya Geert Hofstede, mtaalamu wa Kiholanzi aliyefariki mwaka 2020, ambaye alijulikana kwa kulinganisha tamaduni za mataifa kwa namba. Kipimo kilichochukua muda mrefu zaidi siku hiyo ni kile cha umbali wa mamlaka, yaani kiasi ambacho watu wenye madaraka madogo katika jamii wanaona ni jambo la kawaida kwamba madaraka hayagawanywi sawasawa. Afrika Mashariki ilikuwa na alama 64, India 77 na Uholanzi 38. Kipimo kingine kililinganisha mtu kujitegemea binafsi na mtu kutegemeana na kundi lake, na hapo Uholanzi ilikuwa na 80, India 48 na sisi 27. Mkufunzi alikuwa mtu wa nia njema na alizungumza kwa heshima, lakini hitimisho alilotuachia lilikuwa la moja kwa moja: mtu wa Afrika Mashariki hatapinga jambo mbele ya mkubwa wake, kwa hiyo akinyamaza mkutanoni usimlazimishe, mtafute pembeni. Mkuu wetu aliliandika hilo na akalichukulia kwa uzito.

Katikati ya Desemba tukapata jambo la kulijaribu hitimisho hilo. Mzigo uliotoka Mtwara ulifika India ukiwa umeshuka ubora. Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kwa ufupi. Mkaguzi huchota korosho kutoka magunia mengi, huzichanganya, kisha hupima kilo moja na kupasua kila korosho katikati. Viini vizuri hupimwa uzito, na vile vyenye kasoro ndogo huhesabiwa nusu ya uzito wake. Gramu 272 za viini katika kilo moja ni sawa na ratili 48 kwa gunia la kilo 80, na kwa ratili hizo ndipo wanunuzi hujadiliana bei. Sisi tulisaini ratili 48. Kollam walipasua wakapata gramu 261 hivi, ambazo ni ratili 46. Kwa mzigo wa makontena kadhaa, ratili mbili kwa kila gunia ni fedha nyingi.

Mkuu alifungua kikao kwa kuuliza kama kuna mtu yeyote wa Mtwara aliyeona jambo lisilo la kawaida wakati wa kupakia. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, kwa upole zaidi, na bado wakaguzi wetu wakabaki kimya, kamera zao zikionyesha kuta za ghala na magunia nyuma yao. Kikao kilipokwisha, mkaguzi mmoja kijana alinisubiri uani akanieleza kila kitu kwa Kiswahili, bila kusita. Kabla ya kupakia, mvua ya mwanzo wa mwezi uliotangulia ilipenya pembeni mwa bati. Safu mbili za chini za rundo moja zilikuwa zimewekwa sakafuni moja kwa moja kwa sababu chaga zilikuwa zimehamishiwa rundo jingine. Aliingiza mkono kwenye magunia yale na kusikia ubaridi wa korosho zenye maji, na alipopima unyevu akapata zaidi ya asilimia 10, kiwango ambacho hatupaswi kukivuka tunapopakia, kwa sababu korosho zenye maji ndani ya kontena lililofungwa huota ukungu njiani. Sampuli iliyopasuliwa na kusainiwa ilikuwa imechotwa kwenye safu za juu.

Nilimfikishia mkuu maelezo hayo usiku uleule. Alishukuru, kisha akaandika kwamba sasa ameona kwa macho yake kile alichofundishwa: watu hawa hawawezi kumpinga mkubwa hadharani, ni utamaduni wao, na kuanzia sasa maswali magumu yatapitia kwangu. Nilisoma ujumbe huo mara kadhaa. Haukuwa na dharau yoyote. Hata hivyo haukulingana na watu ninaowajua. Kijana yule hubishana nami karibu kila siku, nami ndiye mkubwa wake wa kazi. Aliwahi kukataa mbele ya madereva na wapakiaji kusaini sampuli niliyoitaka isainiwe haraka, akaniambia, "Dada, mimi hiyo siisaini mpaka tuchote upya." Ikiwa utamaduni ndio uliomfunga mdomo kikaoni, ulikuwa umekwenda wapi siku ile?

Nililitafuta chimbuko la namba zile, na nadhani kila anayezitumia anapaswa kufanya hivyo walau mara moja. Zilitokana na madodoso yaliyojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi kati ya mwaka 1967 na 1973, na Hofstede akachapisha uchambuzi wake mwaka 1980. Alama 64 tuliyoonyeshwa haikuwa ya Tanzania. Wafanyakazi wa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia waliunganishwa wakawa kundi moja lililoitwa Afrika Mashariki, kwa kuwa kila nchi peke yake ilikuwa na watu wachache mno. Msumbiji haikuwamo. Kwa hiyo jedwali lilimweka mkaguzi wa ghala la Newala leo katika safu moja na wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta wa Addis Ababa, Nairobi na Lusaka wa enzi ambazo Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya, halafu likamtenga na jirani yake wa ng'ambo ya Ruvuma ambaye wanazungumza naye Kimakonde na wamechezwa jando la aina moja.

Kuna jambo lililonigusa zaidi ya hilo. Alama ya umbali wa mamlaka ilitengenezwa kwa maswali matatu tu: je, mara ngapi wafanyakazi huogopa kuonyesha kwamba hawakubaliani na wakubwa wao, mkubwa wako anaamua mambo kwa namna gani, na wewe ungependa mkubwa wa namna gani. Sasa lile swali la kwanza linamuuliza mtu kuhusu woga kazini, na woga kazini una vyanzo vingi: malezi, ndiyo, lakini pia mkataba, ugumu wa kupata kazi nyingine, na yaliyompata aliyethubutu kusema mwaka uliopita. Alama haiwezi kuvitenganisha vyanzo hivyo. Tukichukua namba iliyotokana na watu kusema kwamba wanaogopa, kisha tukaitumia kueleza kwa nini watu wanaogopa, hatujaeleza kitu. Tumezunguka na kurudi pale tulipoanzia, ila safari hii tukiwa na tarakimu mkononi.

Tena Hofstede mwenyewe alionya kwamba alama zake ni wastani wa mataifa na hazifai kumpimia mtu mmoja mmoja. Onyo hilo ndilo huangukia njiani kwanza jedwali linapoingia kwenye chumba cha mafunzo. Mwaka 2016 watafiti Vas Taras, Piers Steel na Bradley Kirkman walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizotumia vipimo hivyo, wakaona kwamba takribani asilimia 80 ya tofauti za maadili ya kiutamaduni zimo ndani ya nchi, baina ya watu wa nchi hiyohiyo, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyo baina ya nchi na nchi. Kwa timu ya watu wachache kama yetu, maana yake ni kwamba kumjua mtu kwa pasipoti yake kunakuambia kidogo sana kuhusu atakavyofanya kikaoni Alhamisi.

Hata hivyo, kuukosoa utafiti wa mtu hakukunionyesha kwa nini watu wetu walinyamaza. Nilianza kuweka daftari. Nilijiwekea sharti moja, kwamba sitaandika sifa ya mtu, nitaandika tukio: nani alikuwa na taarifa gani, alikuwa mbele ya nani, kwa lugha gani, kwa njia gani, alisema au hakusema, na baada ya hapo kilitokea nini. Maneno kama "mwoga", "mpole", "mkali" na "mbishi" niliyaacha nje, maana hayo ndiyo yanayogeuka kuwa tabia ya kabila au taifa kabla mtu hajatambua. Sisi watu wa Kusini tunalijua hilo vizuri. Wenzetu wa mikoa mingine wametubandika majina ya kila namna kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyehitaji jedwali kufanya hivyo. Jedwali linapokuja, linakuta dhana mgando zimekwishakaa tayari na kuzipa sura ya elimu.

Daftari lilipojaa kurasa kadhaa, watu watatu walianza kunifundisha kwa kuwekwa pamoja. Wa kwanza ni mkaguzi wetu mkongwe wa Newala, mtu mzima anayeheshimika, ambaye kikaoni hakusema neno. Wa pili ni mwenzetu wa Nacala, mzaliwa wa Mueda, Mmakonde kama mzee huyo. Wakikutana kwenye simu huanza kwa salamu ndefu za Kimakonde kabla ya kazi. Huyu alimpinga mkuu wetu waziwazi kuhusu ratiba ya meli na kuhusu kipimo cha unyevu, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kireno. Wa tatu ni msimamizi wa Kollam, ambaye kwa mujibu wa jedwali anatoka kwenye jamii yenye umbali mkubwa wa mamlaka kuliko yetu, na ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote.

Mzee wa Newala na mwenzetu wa Nacala walifanana kwa malezi na wakatofautiana kwa vitendo. Mwenzetu wa Nacala na msimamizi wa Kollam walitofautiana kwa malezi na wakafanana kwa vitendo. Nilipotafuta kile walichonacho hao wawili ambacho mzee hana, jibu lilikuwa kwenye kabati la ofisi. Wote wawili walikuwa na ajira ya kudumu. Wakaguzi wetu wa Mtwara waliajiriwa kwa msimu, na mkataba wao ulikuwa na kifungu kwamba mzigo ukifika chini ya ratili walizosaini, sehemu ya malipo yao ya mwisho wa msimu itakatwa. Orodha ya watakaoitwa msimu unaofuata ilipitishwa Rotterdam. Na wote walimkumbuka mkaguzi mmoja aliyeandika taarifa ya magunia yaliyolowa msimu wa nyuma, mzigo ukachelewa meli, naye hakuitwa tena. Kila mtu aliyekuwa kwenye ghala jioni ile alijua kwamba jibu la kweli kwa swali la mkuu lingekuwa na gharama, na alijua gharama hiyo ingelipwa na nani.

Lugha nayo ilikuwamo. Wakaguzi wetu husoma Kiingereza cha fomu bila shida, lakini kueleza kwa lugha hiyo jinsi chaga zilivyohamishwa na nani aliziagiza zihamishwe, mbele ya watu wa nchi nne, wakati mtandao unakatika na upande wa pili unasubiri, ni kazi nyingine kabisa. Saa kumi na moja jioni ni saa ambayo wamesimama tangu alfajiri. Sitalirefusha hili, kwa sababu lilikuwa rahisi kuliona mara tu mtu alipolitazama.

Swali gumu lilikuwa jinsi ya kutofautisha woga unaotokana na mkataba na adabu inayotokana na malezi, maana kwa nje vyote viwili huonekana kama ukimya. Hapo nilisaidiwa na matukio mawili yaliyokuwa kwenye daftari. Katika tukio la kwanza, mkaguzi kijana alijikaza akasema kikaoni kwamba ghala fulani lina bati bovu. Baada ya kikao wenzake hawakumlaumu hata kidogo. Walimhurumia. Mmoja alimwambia, "Umesema kweli, lakini mwakani watakuita wewe?" Katika tukio la pili, kijana huyohuyo alimsahihisha mzee wa Newala kuhusu hesabu ya sampuli mbele ya mgeni aliyetoka kwa mnunuzi. Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi. Safari hii wenzake walimjia juu. Walimuuliza kwa nini hakumvuta mzee pembeni, na kesho yake asubuhi alikwenda kumwomba radhi, akaanza na shikamoo yake, na mzee akampokea kwa kumwambia, "Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni nzuri. Siku nyingine niambie mimi kwanza."

Tofauti iko hapo. Mwiko wa jamii unapovunjwa, wenzake mtu humkemea kwa sababu wanaona ametenda isivyo. Mtu anapovuka mpaka uliowekwa na mkataba au na mkubwa, wenzake hawaoni kwamba ametenda isivyo, wanahofia yatakayompata. Nimekitumia kipimo hicho mara nyingi tangu wakati huo na naona kinasaidia kuliko alama zote 64 na 38. Hakihitaji dodoso. Kinahitaji mtu aliyekaa karibu na watu kiasi cha kusikia wanachoambiana baada ya kikao, na kwa lugha wanayoambiana. Hapo ndipo pia kilipo kikomo chake: mkuu aliye Rotterdam hawezi kukitumia peke yake, na mimi siwezi kukitumia kwa watu wa Kollam, kwa sababu sisikii Kimalayalam wala sikai nao wakinywa chai.

Nilimwandikia mkuu maelezo marefu, nikiambatisha matukio na wala si maoni. Nilipendekeza kwamba kabla hatujaendelea kusema ni utamaduni, tubadilishe mpangilio huku watu wakibaki walewale, tuone kama ukimya utabaki. Alisitasita kuhusu kifungu cha kukata malipo, kwa sababu kiliwekwa ili kuzuia wakaguzi wasisaini sampuli za uongo, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Tulikubaliana kukiandika upya: mkaguzi anayetoa taarifa ya unyevu au ya kasoro kabla mzigo haujapakiwa hakatwi chochote hata ratili zikishuka, na anayekaa kimya ndiye anayeulizwa. Kifungu kile kile sasa kikawa kinavutia upande wa kusema. Tena kila ghala likatakiwa kutuma mchana, kabla ya kikao, fomu yenye vipimo tupu: unyevu wa safu za chini, za kati na za juu kila moja peke yake, gramu za viini, na hali ya chaga na paa. Wakaguzi wakaruhusiwa kuzungumza Kiswahili kikaoni, mimi nikieleza kwa Kiingereza, na nikapanga ghala lenye mzigo mdogo lianze.

Mabadiliko yalianza polepole. Wiki za mwanzo fomu zilikuja zimejazwa kwa tahadhari, asilimia za unyevu za safu zote tatu zikifanana mno, jambo ambalo kwenye rundo halisi hutokea kwa nadra. Hiyo ilikuwa dalili kwamba watu bado wanapima upepo. Kisha mkaguzi wa Tandahimba akatuma safu ya chini ikiwa na asilimia 11 na maelezo kwamba ameomba magunia yaanikwe upya. Upakiaji ulisogezwa mbele, na hakuna aliyeadhibiwa. Wiki iliyofuata safu tatu zilianza kutofautiana kila mahali. Kikaoni kijana yule aliyenisubiri uani alizungumza kwa Kiswahili karibu dakika tano mfululizo kuhusu mpangilio wa chaga, na mkuu akamuuliza maswali manne au matano, naye akayajibu yote, mojawapo kwa kumwambia kwamba agizo la Rotterdam la kupanga magunia kwa urefu ule ndilo chanzo cha upungufu wa chaga. Watu walikuwa walewale, alama yao kwenye jedwali ilikuwa ileile.

Sisemi kwamba utamaduni haukuwamo. Mzee wa Newala aliendelea kutopinga mtu mbele ya mgeni. Mkataba wake ulipobadilika, taarifa zake za maandishi zilikuwa kali kuliko za wote, lakini kwa sauti, mbele ya watu, alisema tu kwamba "jambo hili tulitazame," na jioni akanipigia simu kunieleza lote. Nilimuuliza kama bado ana hofu na mkataba. Alinijibu, "Hapana, mwanangu. Mtu mzima hamvunjii mwenzake heshima kwenye baraza." Hilo ni la malezi, analijua na analieleza mwenyewe, na wenzake wanalitambua. Tulichofanya ni kuliwekea nafasi: baada ya kila kikao laini ya simu hubaki wazi kwa muda kwa ajili ya yeyote mwenye neno. Lakini tulimwekea yeye nafasi hiyo kwa sababu ndivyo alivyo yeye. Mkaguzi wa kike wa Tandahimba, aliyezaliwa vijiji vichache kutoka kwa mzee huyo, anapendelea kusema palepale, na angeudhika kama ningemfuata pembeni kwa kudhani kwamba mwanamke wa Kimakonde hasemi mbele za watu.

Upande wetu nao ulikuwa na jedwali lake, japo halijaandikwa. Msaidizi wa mkuu kule Rotterdam alikuwa akituma ujumbe wa maneno mawili matatu: "Si sahihi. Rudia." Hakuna salamu, hakuna habari za nyumbani. Kwenye kundi letu la WhatsApp ilikwishaamuliwa kwamba Mzungu hana utu, na baada ya mafunzo yale mtu mmoja aliongeza kwamba ndiyo maana wana 80 kwenye kujitegemea binafsi. Tukilitumia daftari kwa haki, matukio yalionyesha kingine. Mtu huyo aliandika hivyo asubuhi, alipokuwa bandarini akishusha mizigo na simu mkononi. Jioni, akiwa ofisini, ujumbe wake ulikuwa mrefu na wa kujali, na aliwahi kuuliza mara tatu kuhusu hali ya mkaguzi aliyelazwa Ndanda. Mkuu wetu, Mholanzi kama yeye, hakuwahi kutuma ujumbe usio na salamu. Nilisoma matukio hayo kwa sauti mbele ya wakaguzi, na mjadala uliofuata ulikuwa mgumu kuliko ule wa vifungu vya mkataba, kwa sababu kumwondolea mtu wa mbali hukumu uliyokwisha kumpa ni kazi, hasa kama hukumu hiyo imekuwa ikiwaunganisha ninyi mlioko hapa.

Kipimo kingine cha Hofstede kinastahili kutajwa hapa, kile cha kuepuka mashaka, yaani kiasi ambacho watu husumbuliwa na mambo yasiyotabirika na kutaka kanuni za kuyazuia. Timu nzima ya Mtwara ingeapa kwamba Waholanzi wametuzidi mbali, kwa jinsi wanavyotaka kila kitu kiandikwe. Kwenye jedwali Afrika Mashariki ina 52 na Uholanzi 53. Ukiamini jedwali, tofauti tunayoisikia kila siku haipo. Ukiamini masikio yako, jedwali limekosea. Mimi naona kuna njia ya tatu. Wao ndio wanaobeba madai ya fidia mbele ya mnunuzi wa Ulaya, na anayebeba madai huhitaji karatasi. Wakaguzi wetu walipoanza kubeba wajibu wa fomu ya mchana, nao wakaanza kudai kwamba kila agizo la kuhamisha chaga liandikwe na kusainiwa.

Mafunzo yale bado hutolewa kwa wafanyakazi wapya, na sijaomba yafutwe. Namba zile zinaweza kumkumbusha mgeni kwamba kimya cha mtu huenda si kukubali. Nilichoomba, na kikakubaliwa, ni kwamba mkufunzi aeleze alama ya Afrika Mashariki ilitoka kwa nani na lini, ayaonyeshe yale maswali matatu jinsi yalivyo, na kwamba mkuu yeyote mpya apewe nakala za mikataba ya wakaguzi kabla ya kuonyeshwa jedwali. Suala la Kollam bado hatujalimaliza. Kuna mpimaji pale, mtu wa chini ya yule msimamizi mbishi, ambaye katika vikao vyote hajawahi kusema zaidi ya jina lake. Msimamizi wake anasema ni mtu wa haya tu. Nimeomba tupatiwe mkataba wake, na nimeomba msimu ujao kikao kimoja kiendeshwe kwa Kimalayalam huku sisi wa Mtwara tukiwa ndio tunaosubiri tafsiri.